Ripoti imeandika "displasia" na nimeambiwa nirudi baada ya miaka 3: je, ni saratani?

"Daktari, nina miaka 53. Nilifanyiwa kolonoskopia, kile kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, kwa sababu ya umri tu, sikuwa na dalili yoyote. Nilitolewa vinyama 3: kimoja cha milimita 4 kwenye puru, cha pili milimita 6 kwenye sigmoidi, cha tatu milimita 12 upande wa kulia. Majibu ya maabara yanasema cha kwanza ni haipaplastiki. Cha pili adenoma ya tubula yenye displasia ya daraja la chini. Cha tatu adenoma ya tubulovilasi, displasia ya daraja la chini, milimita 9, na 'kingo haziwezi kutathminiwa'. Nimeambiwa nirudi baada ya miaka 3. Jirani yangu alitolewa vinyama viwili akaambiwa arudi baada ya miaka 10. Je, hii displasia ni saratani iliyokwisha kuanza? Na kwa nini nisipimwe kila mwaka?"

Pole kwa hofu uliyokaa nayo, ndugu yangu. Kwa maelezo uliyoandika, hapana, huna saratani. Vinyama viwili kati ya vitatu ni vya aina ambayo, vikiachwa miaka mingi, vingine hugeuka saratani, na vyote viwili vimekwisha kutolewa. Miaka 3 uliyopewa ni muda sahihi kwa majibu yako. Hata hivyo ripoti yako ina mambo matatu ambayo huwatisha watu wengi: displasia, kingo, na vipimo visivyolingana. Afadhali tuyapitie moja moja, kwa sababu ukiyaelewa utaelewa pia kwa nini wewe na jirani yako mmepewa miaka tofauti.

Tuanze na displasia. Ngozi ya ndani ya utumbo mpana imejaa vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Chini kabisa ya kila kishimo seli mpya huzaliwa, kisha hupanda polepole kuelekea juu huku zikikomaa, na zikifika juu hufa na kubanduka. Safari hiyo yote huchukua chini ya wiki moja, kwa hiyo ngozi ya utumbo hujifanya upya wakati wote. Ili mambo yaende sawa, seli inapopanda lazima ipate amri ya kuacha kugawanyika. Jeni iitwayo APC ni mojawapo ya zinazosimamia amri hiyo. Ikiharibika katika seli moja, seli hiyo na kizazi chake huendelea kugawanyika hata zikiwa juu, na hazibanduki kwa wakati. Zinarundikana. Rundo hilo ndilo kinyama, na kinyama cha namna hiyo ndicho kinachoitwa adenoma.

Mtaalamu wa patholojia akiweka kipande cha rundo hilo chini ya hadubini huona seli zilizojipanga vibaya: viini vyake ni virefu, vyeusi kuliko kawaida, vimesongamana. Hali hiyo ndiyo displasia. Adenoma zote, bila kubakisha hata moja, zina displasia, maana bila displasia isingeitwa adenoma. Kwa hiyo ukisoma "adenoma yenye displasia ya daraja la chini" umesoma maelezo ya adenoma ya kawaida kabisa. Hakuna jambo la pili lililogunduliwa juu ya adenoma yenyewe.

Daraja la juu ni habari nyingine. Hapo seli zimepoteza mpangilio kiasi kwamba vishimo vimeungana ovyo na viini havijui tena juu wala chini. Lakini hata daraja la juu bado si saratani. Chini ya ngozi ya ndani ya utumbo kuna utando mwembamba wa misuli, na chini ya utando huo ndiko kuliko na mishipa ya limfu ambayo seli mbaya zingepitia kwenda kwingine. Katika utumbo mpana, seli zikiwa bado juu ya utando huo haziwi na njia ya kusafiri. Kinyama huitwa saratani pale seli zinapotoboa utando na kuingia chini yake, na mtaalamu wa patholojia akiona hivyo huandika wazi kuwa kuna uvamizi. Ripoti yako haina neno hilo. Kutoka adenoma ndogo hadi saratani ni safari ambayo kwa kawaida huchukua miaka kama 10 au zaidi, kwa sababu baada ya APC lazima jeni nyingine nazo ziharibike, na adenoma nyingi haziifiki hatua hiyo maisha yote.

Sasa kile kinyama cha kwanza, cha milimita 4 kwenye puru. Haipaplastiki maana yake seli zimezidi wingi tu, bila displasia. Vinyama vidogo vya namna hiyo katika puru na sigmoidi, yaani sehemu za mwisho za utumbo mpana, ni vya kawaida sana kwa watu wa umri wako, na havihesabiwi katika kupanga muda wa kurudi. Kisahau. Ningekuwa na tahadhari zaidi kama neno hilo lingeandikwa kwa kinyama kikubwa cha upande wa kulia, kwa sababu huko kuna vinyama bapa vya aina ya msumeno ambavyo chini ya hadubini vinafanana na haipaplastiki, lakini vina njia yao wenyewe ya kuelekea saratani. Chako hakiko huko wala hakina ukubwa huo.

Kwa hiyo tunabaki na adenoma mbili, na ile ya milimita 12 ndiyo iliyoamua kila kitu. Katika kupanga miaka ya kurudi tunaangalia mambo manne: idadi ya adenoma, ukubwa wa ile kubwa kuliko zote, daraja la displasia, na umbo la tezi zake. Umbo ndilo lile la "tubula" na "tubulovilasi". Tubula maana yake tezi zimekaa kama mirija iliyobana. Vilasi maana yake zimechanua kama vidole vyembamba virefu. Vidole vikiwa chini ya robo ya kinyama, huandikwa tubula. Vikiwa kati ya robo na robo tatu, huandikwa tubulovilasi. Vikizidi robo tatu, ni vilasi. Kadiri vidole vinavyozidi ndivyo kinyama kinavyoelekea kuwa kikubwa na kuwa na displasia ya juu. Ila lazima nikiri kwamba kukadiria robo si kazi ya rula, na wataalamu wawili wazuri wanaweza kutofautiana juu ya kioo kilekile. Ndiyo sababu Wamarekani bado wanalihesabu umbo, ilhali miongozo ya Ulaya na ya Uingereza iliyotolewa mwaka 2020 imeliacha na kubaki na ukubwa, idadi na daraja la displasia.

Hapo ndipo tofauti ya milimita 12 na milimita 9 inapokuwa na maana, na nakupongeza kwa kuiona. Milimita 10 ndiyo mstari ambao karibu miongozo yote imeuchora: kuanzia hapo adenoma huhesabiwa kuwa ya hatari zaidi. Daktari aliyekupima alikadiria ukubwa kikiwa bado hai ndani ya utumbo, kwa kawaida kwa kukilinganisha na kitanzi cha waya au koleo alilolifungua kando yake. Maabara ilikipima baada ya kukatwa na kulala kwenye dawa ya formalini, ambayo hukausha na kusinyaza nyama. Kikivutwa kupitia mfereji mwembamba wa kamera kinaweza pia kuchanika. Kwa upande mwingine, makadirio ya jicho nayo hukosea, na madaktari wengine wana mazoea ya kuongeza milimita mbili tatu. Kwa kawaida tunafuata kipimo cha aliyekiona kikiwa hai, hasa akiwa amepiga picha yenye kifaa cha kulinganishia. Nisingehangaika kutafuta milimita tatu zilizopotea: kwa kinyama kilichosimama karibu na mstari, kosa la kurudi mapema kidogo ni dogo kuliko kosa la kuchelewa.

Kwa 12, miongozo yote mikubwa inakupeleka mahali pamoja. Ile ya Marekani ya mwaka 2020 inasema miaka 3 kwa adenoma yoyote ya milimita 10 au zaidi, au yenye vilasi, au yenye displasia ya daraja la juu. Ya Ulaya inasema miaka 3 kwa sababu ya ukubwa. Ya Uingereza inataka vinyama viwili au zaidi vya aina inayoweza kugeuka saratani, kimoja kikiwa kikubwa. Unavyo viwili, kwa hiyo nayo inasema miaka 3. Tuseme basi kwamba kilikuwa kweli milimita 9. Wamarekani wangebaki na miaka 3 kwa ajili ya vilasi. Waingereza na Wazungu wa bara wangekurudisha kwenye uchunguzi wa kawaida wa umri kama mtu mwingine yeyote. Unaona jinsi mgonjwa mmoja mwenye karatasi ileile anavyoweza kupewa miaka tofauti bila daktari yeyote kukosea.

Jirani yako, nadhani, alikuwa na adenoma mbili za tubula, kila moja chini ya milimita 10. Kwake Wamarekani wanasema miaka 7 hadi 10, na Ulaya inamhesabu karibu sawa na asiyekutwa na kitu. Angekuwa nazo 3 au 4 ndogo, Wamarekani wangemwambia miaka 3 hadi 5. Zikiwa 5 hadi 10, miaka 3. Zikizidi 10, mwaka 1, na pengine kipimo cha jeni, kwa sababu wingi huo huashiria hali ya kurithi. Idadi ya vinyama peke yake haikuambii kitu mpaka ujue aina na ukubwa wake.

Nirudi kwenye kingo. "Haziwezi kutathminiwa" haimaanishi kwamba kuna kilichobaki. Kinyama kidogo hakifiki maabara kikiwa kimenyooka na kuonyesha shina lake. Hufika kimejikunja, mara nyingine vipande vipande, na kama kilikatwa kwa umeme ukingo huwa umeungua. Mtaalamu hawezi kujua upande upi ulikuwa ukutani. Kwa adenoma isiyo na saratani, jicho la aliyekata ndilo linalotegemewa zaidi: aliangalia kidonda baada ya kukata, akaona kimezungukwa na ngozi safi? Kingo zinakuwa jambo kubwa pale tu saratani inapokutwa ndani ya kinyama, kwa sababu hapo umbali kati ya seli mbaya na mahali palipokatwa ndio unaoamua kama upasuaji unahitajika.

Hata hivyo jicho nalo lina mipaka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, madaktari walikata vinyama mpaka wakaridhika kwamba vimeisha, kisha wakachukua biopsia pembeni mwa vidonda. Kwa vinyama vya milimita 10 hadi 20, takribani 17 kati ya 100 vilikuwa vimeacha mabaki. Sikutajii hili ili nikutishe. Mabaki hayo ni ya adenoma, si ya saratani, na yanakua polepole. Ila ni sababu mojawapo ya mtu mwenye kinyama cha ukubwa wako kutoachwa miaka 10, na ni sababu ya mimi kukutuma ukaulize swali moja: je, kile cha milimita 12 kilitoka kwa kipande kimoja au kwa mafungu? Kwa kipande kimoja, miaka 3 inasimama. Kingekuwa cha milimita 20 au zaidi na kikatolewa kwa mafungu, ungetakiwa kurudi ndani ya takriban miezi 6 ili palepale pakaguliwe tena. Cha 12 kilichotoka kwa mafungu kiko katikati, na baadhi ya madaktari huona bora kuangalia mapema kidogo. Hilo aliyekata ndiye anayeweza kulijibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekiona kidonda.

Kuna swali la pili ambalo watu wachache huliuliza na ambalo mimi ningelitanguliza: utumbo wako ulikuwa safi kiasi gani siku ile? Miaka yote niliyoitaja inasimama juu ya sharti kwamba kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana, pale unapoungana na utumbo mdogo, na kwamba ukuta ulionekana. Ripoti nyingi huandika usafi kwa alama za Boston: utumbo hugawanywa sehemu 3, kila sehemu hupewa 0 hadi 3, na kinachotakiwa ni angalau 2 kwa kila sehemu. Ukisoma jumla ya 6 furahi kwa tahadhari, maana 3, 2 na 1 nazo hutoa 6, na ile 1 mara nyingi huwa upande wa kulia, ambako kwako ndiko kulikokutwa kinyama kikubwa. Kama usafi haukutosha, kipimo hurudiwa ndani ya mwaka 1, na habari ya miaka 3 haipo tena. Saratani nyingi zinazojitokeza kati ya kolonoskopia moja na nyingine hutokana na kitu kilichokuwepo na hakikuonekana, au kilichobakishwa. Ukiwa na ripoti yenye picha, alama nzuri na maelezo kwamba mwanzo wa utumbo ulifikiwa, una sababu ya kulala usingizi.

Sasa kwa nini si kila mwaka. Swali hili lilijaribiwa kwa watu halisi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993, watu waliotolewa adenoma waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipimwa baada ya mwaka 1 na tena baada ya miaka 3, kundi la pili lilipimwa mara moja tu baada ya miaka 3. Adenoma za hatari zilikutwa kwa asilimia 3.3 ya kundi la kwanza na asilimia 3.3 ya kundi la pili. Kipimo cha ziada kiliongeza vinyama vidogo vilivyopatikana, lakini hakikuongeza kile tunachokihofia. Nacho kina gharama yake: dawa ya kusafisha tumbo, dawa ya usingizi, na hatari ndogo lakini ya kweli ya kutoka damu au kutoboka kwa utumbo, hasa kila mara kitu kinapokatwa. Hatari hiyo ukiibeba mara 3 bila faida, mahesabu hayakai sawa. Wala usijaze katikati kwa vipimo vya kutafuta damu isiyoonekana kwenye choo kama huna dalili; vitakupa hofu zisizo na msingi, na majibu mazuri hayataondoa haja ya kurudi.

Wengi huuliza pia kuhusu dawa za kusafisha utumbo na vyakula vya nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi ni nzuri kwa mwili, lakini majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2000 hayakuonyesha kwamba kuziongeza kunazuia adenoma kurudi. Dawa za "kuondoa sumu" hazina ushahidi wowote. Acha sigara kama unavuta, punguza pombe, punguza uzito kama umezidi. Lakini hakuna kimojawapo kinachoweza kuchukua nafasi ya kurudi baada ya miaka 3.

Na baada ya hapo? Ukikutwa msafi, au na adenoma moja au mbili ndogo za tubula, kwa utaratibu wa Marekani kipimo kinachofuata ni baada ya miaka 5. Ulaya nayo inasema 5 kama hukukutwa na kitu cha hatari. Ukikutwa tena na kubwa, ni miaka 3 nyingine. Hutafungwa na miaka 3 maisha yako yote, na ukikaribia miaka 75 utakaa na daktari wako mpime pamoja kama kuendelea kuna faida, kwa kutazama afya yako kwa jumla.

Miaka 3 ni muda wa mtu asiye na dalili. Ukiona damu kwenye choo, ukabadilika namna unavyopata haja kubwa kwa wiki kadhaa, ukapungua uzito bila sababu, au ukaambiwa una upungufu wa damu wa madini ya chuma, usingoje tarehe, nenda ukaonwe. Na kama umetolewa vinyama chini ya wiki 2 zilizopita, fahamu kwamba kidonda kinaweza kutoa damu hadi siku ya 14 hivi. Ukipata haja ya damu nyingi au mabonge, kizunguzungu, homa, au maumivu ya tumbo yanayozidi, nenda idara ya dharura siku hiyohiyo, na uwaambie ulikatwa nini na lini.

Kwa watoto wako na ndugu zako wa tumbo moja, waambie hivi: "nilikutwa na adenoma ya milimita 12 nikiwa na miaka 53." Hiyo inatosha kwa daktari wao. Kwa mwongozo wa Marekani, adenoma ya hatari kwa mzazi au ndugu wa karibu aliyekutwa nayo kabla ya miaka 60 huwafanya waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri uliokutwa nayo wewe, ukiangukia upi mapema. Kwako 53 ukitoa 10 ni 43, kwa hiyo 40 ndiyo inayotangulia. Sehemu nyingine hawafuati hivyo, lakini taarifa yenyewe itawasaidia popote walipo.

Omba nakala za ripoti zote mbili, ya kolonoskopia na ya patholojia, uzihifadhi pamoja. Atakayekupima baada ya miaka 3 huenda asiwe yule wa kwanza, na atahitaji kujua kinyama kikubwa kilikuwa wapi, kilikatwaje, na usafi wa utumbo ulikuwa alama ngapi.